Zao Lililokataa Kutulia

Paskazia alizidisha mara ya pili, taratibu, kalamu ikifuata kila tarakimu. Mia tatu na moja mara kumi na nne nukta nane. Jibu lilikuwa lilelile: 4455. Akaangalia jibu la juu kabisa kwenye jedwali, 4848, kisha akashuka nalo mstari kwa mstari. 4666. 4563. 4493. 4455. Namba zilikuwa zinateremka bila kurudi nyuma hata mara moja.

"Rafiki yangu, hiyo ni ngazi," alisema Mhoja, aliyekuwa mwenzake katika jaribio hilo. "Sisi tulitakiwa tupate sakafu."

Walikuwa katika maabara ya chuo cha ualimu, jengo refu la bati lililokaa juu ya kilima upande wa kusini mwa Mwanza, na dirisha lake la mwisho lilitazama ziwa. Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Jaribio lenyewe kila mwanafunzi wa fizikia alilijua kwa maneno: ukifungia hewa mahali, ukaibana huku jotoridi likibaki palepale, ujazo wake unapungua kadiri mgandamizo unavyoongezeka, na ukizidisha mgandamizo kwa ujazo, zao, yaani jibu la kuzidisha, linakuwa lilelile kila mara. Ndiyo maana ya kanuni. Na mbele yao kulikuwa na kifaa cha kuithibitisha: bomba nene la kioo lililosimama wima, limezibwa juu, hewa imefungiwa ndani na mafuta yaliyo chini yake. Ukipampu kwa pampu ya baiskeli, mafuta yanapanda, hewa inabanwa. Ujazo unausoma kwenye mistari ya pembeni. Mgandamizo unausoma kwenye geji.

"Tumekosea kusoma," alisema Paskazia.

"Tumesoma mara tatu."

"Basi tusome mara ya nne."

Mhoja alicheka, lakini hakunyanyuka. Alikuwa kijana wa Misungwi, mwepesi wa maneno, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Alisogeza kiti karibu na kushusha sauti, ingawa maabarani hapakuwa na mtu mwingine. "Sikiliza, dada. Kundi lililotutangulia lilipata 4848, 4851, 4846. Lile la mwaka jana pia. Unadhani wao walikuwa na hewa nyingine? Unaanza na jibu, unarudi nyuma kutafuta ujazo. Ukigawa 4848 kwa 301 unapata kumi na sita na kidogo. Unaandika kumi na sita nukta moja. Imeisha."

"Lakini mafuta yamesimama kwenye kumi na nne nukta nane."

"Mafuta hayasahihishi ripoti. Anayesahihisha ni Mwalimu Ndalahwa."

Paskazia alifungua koki, akaacha upepo utoke, mafuta yakashuka polepole yakiacha utando mwembamba kwenye kioo.

Kabla ya kuja chuoni alikuwa amefundisha sayansi katika shule moja ya Ukerewe isiyokuwa na maabara. Kanuni hii aliichora ubaoni kwa chaki, bomba la chaki na hewa ya chaki, na siku hiyo msichana mmoja wa kidato cha tatu alimuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuiona. Alijibu ukweli, kwamba hajawahi. Msichana yule hakumdharau; aliitikia tu kwa kichwa na kuendelea kunakili. Jambo hilo lilimuuma Paskazia kuliko kama angechekwa. Alipopata nafasi ya kusomea stashahada alikuja na nia moja, kwamba kila atakachokwenda kukifundisha awe amekishika kwa mikono yake. Sasa alikuwa amekishika, na kilikuwa kinamkatalia.

Wakakubaliana kila mtu aandike ripoti yake. Mhoja aliandika ya 4848. Paskazia aliandika ya ngazi.

*

Mwalimu Ndalahwa alirudisha ripoti katika kipindi cha asubuhi. Alikuwa mtu mfupi wa makamo, msafi, aliyezoea kuvaa koti jeupe hata akienda posta. Hakuwa mkali kwa kupenda. Ni kwamba alikuwa na fizikia peke yake kwa chuo kizima, na mwisho wa muhula ndiye aliyetakiwa kusema nani ataendelea na fizikia na nani ahamishiwe somo jingine. Juu ya ripoti ya Paskazia aliandika kwa wino mwekundu: *Vipimo si sahihi. Rudia.*

Paskazia alimfuata nje ya darasa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Najua unalotaka kusema."

"Mwalimu, nimerudia mara nyingi. Kila nikirudia zao linashuka vilevile. Vipimo vingekuwa vibovu, si vingeruka huku na huku?"

Ndalahwa alisita kidogo, kama mtu aliyeguswa bega. Kisha akasema, "Hakuna zao linalokuwa sawasawa kabisa. Hewa yetu si hewa ile ya kwenye nadharia. Molekuli zina ukubwa wake na zinavutana. Andika hivyo kwenye hitimisho, lakini kwanza urekebishe vipimo. Tofauti yako ni kubwa mno."

"Niirekebishe vipi, mwalimu?"

"Uwe makini zaidi." Hakusema kwa dharau. "Paskazia, jaribio hili nililifanya mwenyewe Dar es Salaam nikiwa mwanafunzi. Geji kama hiyohiyo, inayoanzia sifuri. Tuliongeza mia na moja ya hewa ya nje, kama ilivyo kwenye maelekezo yangu, na zao likatulia. Kwa mikono yangu. Mkaguzi wa kanda anakuja kuangalia kazi zenu za vitendo kabla ya mitihani. Ukimwonyesha jedwali hilo, sitaweza kukutetea."

Alikwenda zake. Paskazia alibaki ameshika ripoti yenye wino mwekundu. Angeweza kuketi chini ya mti pale uwanjani na kupika namba kabla kengele haijalia. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Alijua pia kwamba akihamishwa kutoka fizikia atapelekwa kwenye somo la maarifa ya nyumbani, maana ndiko walikopelekwa wasichana wawili waliomtangulia.

Akakata shauri. Kama zao linashuka, kuna kinacholishusha. Atakitafuta, na asipokiona ataandika kwamba hakukiona.

*

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa uvujaji. Kama hewa ilikuwa inatoroka kadiri inavyobanwa, ujazo ungekuwa mdogo kuliko inavyotakiwa, na zao lingeshuka, hasa kama lilivyofanya. Alibana hewa hadi mwisho, akaiacha hivyo kipindi kizima cha mapumziko ya mchana, kisha akafungulia na kusubiri mafuta yajikusanye. Mafuta yalirudi kwenye arobaini na nane, mstari uleule wa mwanzo. Hakuna hewa iliyotoka.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa joto. Ukibana hewa kwa haraka inapata moto. Hata pampu ya baiskeli ukiishika unasikia joto kiganjani. Mhoja, ambaye alikuwa amekuja kumtazama huku akisema hana kazi nyingine, ndiye aliyelitaja.

"Umepampu haraka. Kanuni inataka jotoridi libaki palepale."

"Tujaribu," alisema Paskazia.

Alipampu kwa nguvu hadi geji ikafika mia mbili, na mara moja wakasoma ujazo: kumi na tano nukta mbili. Wakasubiri. Mafuta yakapanda kwa kujivuta, kumi na tano, kumi na nne nukta tisa, mpaka yakasimama kwenye kumi na nne nukta nane.

"Unaona?" alisema Mhoja. "Joto lipo."

"Lipo. Lakini limefanya nini?" Paskazia alikuwa ameinama mbele ya kioo, uso wake karibu kugusa mistari. "Hewa ikiwa ya moto inatanuka, ujazo unasomeka mkubwa, zao linapanda. Ikipoa linashuka. Sisi tulikuwa tunasubiri ipoe. Tusingesubiri, ngazi yetu ingekuwa fupi. Joto linaficha kosa, halilileti."

Mhoja naye aliinama kuitazama mistari, kisha akasema, "Hilo sikuliona."

Mtuhumiwa wa tatu ndiye aliyetajwa na mwalimu, tabia ya hewa yenyewe. Hapo Paskazia alikwenda maktaba, akatafuta katika vitabu vya zamani mpaka akapata jedwali la hewa halisi. Alisoma kwa kidole. Kwa mgandamizo wa mara tatu ya ule wa kawaida, na katika jotoridi la chumba, hewa inaiacha kanuni kwa kiasi kisichofika moja katika elfu. Ngazi yake ilikuwa imeshuka nane katika mia. Ilikuwa sawa na kusema sisimizi amekunywa pipa la maji. Molekuli zilikuwa na ukubwa wake, ni kweli, na zilivutana, ni kweli, lakini kifaa chao kisingeweza hata kuwaonyesha jambo hilo. Wanafunzi wangapi walikuwa wameandika sentensi ile kwenye hitimisho, wakapewa alama ya vema?

Alirudi bwenini amechoka, lakini hakuwa na huzuni. Watuhumiwa watatu alikuwa amewatoa mmoja baada ya mwingine, na orodha ilikuwa inafupika.

*

Jumamosi alichukua karatasi ya grafu. Watu wengi walikuwa wameshuka mjini. Sauti za redio zilisikika toka mabwenini, na mawe makubwa ya kilima yalikuwa yanang'aa kwa jua. Alichora mgandamizo kwenye mhimili wa wima, na kwenye mhimili wa mlalo akaweka moja gawanya kwa ujazo. Kama kanuni ni kweli, nukta lazima zipange mstari mnyoofu unaoanzia sifuri.

Nukta zilipanga mstari. Hilo lilimshtua kuliko lolote. Alikuwa ametarajia mstari uliopinda au nukta zilizotawanyika, lakini rula ilizigusa karibu zote kwa pamoja. Hewa haikuwa na fujo yoyote. Ila alipouvuta mstari kurudi nyuma, haukufika sifuri. Ulikata mhimili wa wima juu yake, kwenye kumi na mbili.

Alikaa akiitazama ile kumi na mbili.

Mgandamizo wote ulikuwa umeinuliwa kwa kumi na mbili, kila nukta kwa kiasi kilekile. Wakati hewa ina mgandamizo mdogo, kumi na mbili ni mzigo mkubwa, ndiyo maana zao la kwanza lilivimba sana. Ikibanwa hadi mia tatu, kumi na mbili ni kitu kidogo, zao linavimba kidogo. Hiyo ndiyo ngazi. Sasa, ni kitu gani yeye alichokiongeza kwa kila kipimo bila kubadilika?

Mia na moja.

Geji ilikuwa inaanzia sifuri. Zamani kifaa kilikuja na geji yake kutoka ng'ambo, iliyokuwa inasoma mgandamizo wote kamili, wa hewa ya nje ukiwemo. Ilipokufa, bohari ya serikali haikuwa tena na kitu cha kutoa. Vyuo viliambiwa vijitafutie, na maduka ya watu binafsi yalikuwa yamefunguliwa kila kona. Chuo kikanunua geji ya kompresa katika duka la spea Mkuyuni. Geji hiyo inasoma kile kilichozidi hewa ya nje tu. Kwa hiyo mwalimu aliandika maelekezo kwenye karatasi na kuibandika ukutani: *Ongeza mgandamizo wa hewa ya nje, kilopaskali 101.*

"Nililifanya Dar es Salaam," alikuwa amesema. "Zao likatulia."

Paskazia aliamini neno hilo lote. Mwalimu Ndalahwa hakuwa mtu wa kudanganya. Basi zao lilitulia Dar, na halitulii Mwanza. Aliinua macho. Huko chini ziwa lilikuwa limelala kimya, la rangi ya risasi, kubwa kama bahari, na macho ya mtu yeyote yangeliita bahari. Lakini halikuwa bahari. Darasa la tano walikariri kwamba lipo zaidi ya mita elfu moja na mia moja juu ya usawa wa bahari.

Hewa iliyo chini ya mtu haimlemei. Anayekaa Mwanza amebeba hewa pungufu kuliko anayekaa Dar.

Mia na moja toa kumi na mbili, themanini na tisa. Aliandika namba hiyo pembeni ya grafu, akaizungushia duara. Kisha akaona hatari yake. Kama angeichukua themanini na tisa kutoka kwenye grafu yake mwenyewe na kuirudisha kwenye jedwali lake mwenyewe, zao lingetulia kwa sababu amelilazimisha. Asingekuwa na tofauti na Mhoja. Ilimpasa aipate namba hiyo kwa mtu ambaye hajawahi kuliona bomba lake.

*

Kituo cha hali ya hewa kilikuwa uwanja wa ndege, upande wa pili wa mji. Alifika amevaa gauni lake la kanisani. Akapelekwa kwa mzee mmoja wa Kijaluo wa kutoka Shirati, Bwana Okeyo, aliyekuwa peke yake katika chumba chenye ramani na saa kubwa ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Ndege yako imechelewa?"

"Sisafiri, mzee. Natafuta mgandamizo wa hewa wa Mwanza."

Okeyo alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za watoto wake. Akavuta karatasi, akapitisha kalamu. "Asubuhi hii, milibari elfu moja na kumi na nne."

Paskazia alipiga hesabu haraka. Milibari 1014 ni kilopaskali mia na moja na kidogo. Ilikuwa ileile namba ya ukutani, namba ya kitabuni. Grafu yake, duara lake, safari yake yote, vilikuwa vimeanguka kwa sentensi moja. Alishukuru kwa sauti ndogo na kugeuka.

Alikuwa ameshafika mlangoni aliposimama. Mstari ulikuwa umenyooka. Nukta zote zilikuwa zimekaa juu yake. Hewa isingepanga foleni namna ile ili kumtania.

Akarudi. "Mzee, samahani. Hiyo elfu moja na kumi na nne mnaisoma wapi? Ndiyo inayoonekana kwenye chombo chenyewe?"

"Hapana," alisema Okeyo, akishangaa kidogo. "Hiyo tumeshaikokotoa kuishusha usawa wa bahari. Lazima, binti. Dodoma iko juu, Tanga iko chini. Kila kituo kikituma namba ya kwake, ramani haisomeki. Na rubani naye anaihitaji hiyo."

"Na kabla ya kuishusha? Hapa, ndani ya chumba hiki?"

Bwana Okeyo alimtazama kwa makini sasa. Akaamka, akamwongoza hadi kwenye barometa ya zebaki iliyoning'inia ndani ya kasha lake, akamwonyesha jinsi ya kupangilia jicho na ukingo wa zebaki. "Soma wewe mwenyewe. Mimi nitakusahihisha."

Alisoma. Okeyo akasoma baada yake, akafanya masahihisho madogo ya jotoridi la chombo, akaandika kwenye kipande cha karatasi na kumpa: milibari 887.

Kilopaskali themanini na nane nukta saba.

"Binti, unalia?"

"Hapana, mzee," alisema Paskazia huku akifuta macho. "Nilikuwa nahofia nimeota."

*

Aliandika ripoti upya, kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, ingawa ubishi wote wa jaribio lile ulikuwa umefanyika kwa Kiswahili. Safari hii Mhoja alikaa naye meza moja, akimsomea namba huku yeye akizidisha. Themanini na nane nukta saba mara arobaini na nane: 4258. Kisha 4286. 4283. 4273. 4273.

"Sakafu," alisema Mhoja.

"Ina mabonde."

"Ah, sasa unatafuta nini tena? Hayo mabonde yafute."

"Hayo ndiyo nitakayoyaeleza."

Na aliyaeleza. Aliandika kwamba tofauti zilizobaki hazifiki moja katika mia. Kwamba mistari ya bomba haisomeki vizuri kuliko sehemu moja ya kumi, na sehemu hiyo moja ikikosewa kwenye ujazo wa arobaini na nane ni kitu kidogo, lakini ikikosewa kwenye kumi na nne nukta nane inafika saba katika elfu. Kwamba mafuta yanapopanda kwenye bomba yana uzito wake, hivyo hewa iliyo juu haibanwi kwa nguvu yote inayosomwa na geji, na jambo hilo linayainua mazao ya chini ya jedwali kidogo. Kwamba mafuta yanayobaki kwenye kuta yanaiba ujazo kidogo, na kwamba asiyesubiri hewa ipoe atapata zao kubwa kuliko la kweli. Mwisho kabisa akaandika kwamba hewa halisi haiifuati kanuni kikamilifu, lakini kwa migandamizo hii upotofu huo haufiki moja katika elfu, na kifaa hiki hakiwezi kuuona. Hakuandika kwamba amethibitisha jambo ambalo hakulithibitisha.

Alimpelekea Mwalimu Ndalahwa ofisini. Mwalimu alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye 88.7 aliketi. Alirudi kwenye grafu, akaiangalia muda mrefu, kidole chake kikitembea kwenye mstari hadi pale ulipokata mhimili.

"Namba hii umeitoa wapi?"

"Uwanja wa ndege, mwalimu. Nimeisoma mwenyewe kwenye zebaki."

"Hukuichukua kwenye grafu?"

"Grafu ilisema themanini na tisa. Nikaenda kuuliza."

Ndalahwa alivua miwani. "Karatasi ile niliibandika mimi," alisema. Halafu akauliza: "Na wale waliopata 4848?"

Paskazia hakuwa amekuja kuwasema watu.

"Kwa namba ya Dar, kwa bomba la Mwanza, mtu hawezi kupata 4848 mara tano," Ndalahwa alijijibu mwenyewe. Alionekana mzee ghafla. "Nimeweka alama ya vema kwenye ripoti za watu ambao hawakupima, nikaandika *rudia* kwenye ya aliyepima. Twende maabara."

Walikwenda. Alipampu yeye, kwa mikono yake, koti jeupe likigusa mafuta, na kila alipotaka kusoma haraka Paskazia alimwambia, "Bado, mwalimu, haijapoa," naye akangoja.

*

Mkaguzi wa kanda alikuwa mama mmoja mrefu aitwaye Bi. Dorotea, aliyeongea kidogo. Aliwekewa ripoti zote mezani. Alikuta nyingi zina namba zinazofanana kama sare za shule, na moja yenye mabonde. Ndalahwa angeweza kuziondoa zile mapema. Mwalimu mwenzake mmoja alimshauri hivyo. Hakuziondoa. Alimweleza mkaguzi mbele ya darasa zima kwamba maelekezo ya ukutani yalikuwa na kosa, kwamba kosa ni lake, na kwamba waliofuata kosa hilo bila kupima nao wana la kwao.

Mhoja aliinamisha kichwa.

Bi. Dorotea aliinua ripoti ya Paskazia. "Nani Paskazia?"

Alisimama.

"Ungekuwa unafundisha kijijini, huna uwanja wa ndege karibu. Ungefanyaje?"

"Ningechora kile kinachosomwa na geji peke yake, bila kuongeza kitu, dhidi ya moja gawanya kwa ujazo," alijibu Paskazia. "Mstari utakata chini ya sifuri. Umbali huo wa chini ndio mgandamizo wa hewa ya pale kijijini. Badala ya kuuchukua kitabuni, bomba lenyewe litauonyesha. Ila ningewaambia wanafunzi kwamba hapo kanuni tumeiazima, hatujaithibitisha. Inayothibitisha ni kule kunyooka kwa mstari."

"Na mwanafunzi akikuuliza kwa nini zao bado si sawasawa?"

"Ningemuuliza amepima kwa kutumia nini, mheshimiwa. Halafu tungeanza kutafuta."

Mkaguzi aliandika kitu, hakusema ni nini. Lakini matokeo yalipobandikwa, jina la Paskazia lilikuwa kwenye orodha ya fizikia. La Mhoja lilikuwa na nyota, maana yake arudie kazi za vitendo kabla ya kuthibitishwa. Majina mengi yalikuwa na nyota. Kulikuwa na manung'uniko kwenye korido, na wawili watatu waliacha kumsalimia Paskazia kwa muda, kana kwamba ni yeye aliyeipunguza hewa ya Mwanza.

Mhoja hakuacha. Alimkuta jioni hiyohiyo kwenye ngazi za maabara, akiwa ameshika pampu ya baiskeli.

"Mwalimu amenipa funguo," alisema. "Ameng'oa ile karatasi ya ukutani. Anasema kuanzia sasa kila kundi litaanza kwa kutafuta hewa ya siku hiyo." Akaigeuza pampu mkononi. "Nina mwandiko mzuri, Paskazia. Nimezoea watu kuuamini. Nataka safari hii wakute na kitu ndani yake."

"Geji umeigonga kidogo ili mshale usikwame?"

"Sijaanza. Nilikuwa nakungoja."

Wakaingia ndani. Paskazia alifungua dirisha la upande wa ziwa ili chumba kipate upepo, akafuta kioo cha bomba kwa kitambaa, na Mhoja akaanza kupampu, taratibu, akiacha hewa ipoe.